Umeme ukikatika, kipi kinaliwa na kipi kinatupwa

Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 wanajua habari hii. Hitilafu ilitokea kwenye njia ya waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara, kisiwa kikakaa gizani karibu miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mei na Juni 2008, tulishaonjeshwa karibu mwezi mzima. Kwa upande wa chakula, ajabu ni kwamba giza refu namna ile halimpi mtu shida ya kuamua. Siku mbili tatu za mwanzo kilichokuwemo kwenye friza kilipikwa, kikaliwa, kikapelekwa kwa majirani, kilichobaki kikatupwa. Baada ya hapo friji ikawa kabati la kuwekea vyombo na watu wakarudi kununua samaki wa siku kwa siku.

Tangu ulipozinduliwa waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, umeme wetu ukikatika hukatika kwa saa. Na saa ndizo zinazosumbua. Umeme ukiondoka jioni na kurudi kesho yake mchana, chakula kwenye friza hakijaoza na hakijabaki kama kilivyokuwa. Nyama imelainika juu, ndani bado ngumu. Maziwa hayajaganda wala hayanuki. Wali wa jana unaonekana mzima. Hapo ndipo watu hunipigia simu, maana wanajua niko stoo ya jiko la hoteli huku mashariki ya kisiwa, na kazi yangu asubuhi na jioni ni kuandika joto la kila friji na kila friza kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Swali lao ni lilelile: kinanuka au hakinuki? Nami jibu langu huwa ni kuwauliza swali jingine: kilikuwa na joto gani, na kwa muda gani?

Pua haitusaidii sana hapa kwa sababu vijidudu vinavyotoa harufu mbaya na vile vinavyomlaza mtu si lazima wawe wale wale. Nyama inaweza kunuka kidogo na isikudhuru, na wali unaweza kunukia iliki na karafuu huku umeshabeba sumu ya kukutapisha usiku kucha. Vijidudu vingi vinavyotuumiza hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na vikipata joto la jiko la kwetu baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika ishirini hivi. Chini ya hapo huzubaa. Kwa hiyo friji inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini yake kidogo, bila kufika sifuri, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, yaani -18 kwenye kioo cha kipimajoto. Kwenye friza vijidudu haviongezeki kabisa, ingawa wengi wao hawafi. Wamelala tu, na joto likirudi huamka. Kwenye friji huenda polepole, na wako wachache, kama listeria, ambao hata kwenye nyuzi 4 huendelea kutambaa. Ndiyo maana mchuzi wa kwenye friji huliwa ndani ya siku tatu nne hata kama umeme haujakatika hata dakika moja.

Sasa, friji yako ina nyuzi ngapi? Watu wengi hunionyesha kile kitufe cha ndani chenye namba 1 hadi 7 na kuniambia, "Nimeiweka nne." Ile nne si nyuzi nne. Ni kiwango cha nguvu tu: namba ikipanda, mashine hufanya kazi zaidi na baridi huongezeka. Friji mbili zilizowekwa namba 4 zinaweza kutofautiana kwa nyuzi sita, kwa kuwa moja ipo karibu na jiko na mpira wa mlango wake umechoka, na nyingine imekaa kivulini na nyuma yake pana nafasi ya kupumua. Umeme hafifu nao hufanya mambo yake: taa ya ndani inawaka, mashine inaunguruma, lakini baridi haiji. Dawa ni kipimajoto cha friji, kile kidogo cha kusimamisha au kutundika, ambacho bei yake haifiki bei ya kuku mmoja. Usikiache kikapima hewa, kwa sababu hewa hubadilika kila mlango ukifunguliwa. Kitie ndani ya glasi ya maji katika rafu ya kati, kiache kilale humo usiku kucha, ukisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango kutafuta siagi. Hilo ndilo joto la chakula chako. Kwenye friza kibane katikati ya vifurushi vilivyoganda.

Nitaeleza yaliyotokea kwa shangazi yangu Mwanakwerekwe, kwa sababu nyumba yake ina kila kitu: friji ya kusimama jikoni, na friza ya sanduku ukumbini ambayo anagandishia malai na barafu za kuuza watoto wa skuli. Umeme ulikatika Ijumaa saa 4 usiku. Ulirudi Jumamosi saa 9 alasiri. Ni saa kumi na saba. Mimi nilikuwa zamu ya mapumziko, akanipigia asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii friza niifungue nitazame au niiache?"

"Iache. Umeshaifungua mara ngapi?"

"Sijaigusa. Ila friji ya jikoni, hawa watoto wameshaitia mikono tangu alfajiri."

"Basi friza weka blanketi juu yake, usizibe kule nyuma kwenye mashine umeme ukirudi. Nakuja na kipimajoto."

Hapo pana mambo mawili tofauti, nami niyaseme moja moja, maana watu huyachanganya.

La kwanza ni friji. Mwongozo unaojulikana duniani unasema friji iliyofungwa hutunza ubaridi wake kwa takriban saa 4 tangu umeme kukatika. Baada ya hapo, chakula kinachoharibika upesi kikishakaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2 hutupwa. Na mahali penye joto la nyuzi 32 na zaidi, chakula kilichokaa wazi hupewa saa 1 tu. Mimi zile saa 4 siziamini sana kwa majiko yetu. Joto huingia ndani ya friji kwa kadiri ya tofauti kati ya nje na ndani. Jiko la nyuzi 21 linatofautiana na friji ya nyuzi 4 kwa nyuzi 17; jiko la Unguja la nyuzi 31 mwezi wa pili linatofautiana nayo kwa nyuzi 27. Joto linaingia kwa kasi mara moja na nusu na zaidi. Kwa hesabu hiyo mimi huzihesabu zile saa 4 kuwa mbili na nusu, mlango ukiwa umefungwa kweli. Na kama friji ilianzia nyuzi 8, kama zilivyo nyingi mitaani, basi hakuna saa ya kuhesabu hata moja, kwa sababu ilishakuwa juu ya mstari kabla umeme haujaondoka.

La pili ni friza, na hapo habari ni nzuri zaidi. Mwongozo uleule unasema friza iliyojaa na kufungwa hudumu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa nini friji isimame saa nne na friza siku mbili, ilhali zote ni sanduku lililozungushiwa sponji ya kuzuia joto? Sababu kubwa ni barafu yenyewe. Kupandisha joto la barafu kutoka -18 hadi sifuri hakuhitaji nguvu kubwa. Kuiyeyusha ikiwa palepale kwenye sifuri ndiko kunakohitaji nguvu kama mara tisa ya ile. Ukitaka kuona ukubwa wake, joto linalotosha kuyeyusha kilo moja ya barafu, ukilitia kwenye kilo moja ya maji ya sifuri, litayafikisha karibu nyuzi 80. Yaani barafu inapoyeyuka inalimeza lile joto lote linaloingia, na wakati inalimeza haipandi hata uzi mmoja. Ukichora mstari wa joto la friza baada ya umeme kukatika, utauona unapanda haraka kutoka -18 hadi kama -3, halafu unalala. Unalala saa nyingi, kidogo chini ya sifuri, kwa kuwa nyama na samaki wana chumvi na huanza kuyeyuka kabla ya maji matupu. Barafu ikiisha ndipo mstari unaponyanyuka tena, na safari hii unakimbilia kwenye joto la chumba.

Ukilielewa hilo, maamuzi mengi hujitengeneza. Kifurushi ambacho bado kina chembe za barafu ndani hakijatoka kwenye ule mstari uliolala. Kiko karibu na sifuri, ni baridi kuliko friji, kwa hiyo ni salama, unaweza kukipika au kukigandisha tena. Kitapoteza ladha kidogo, kitatoa majimaji kikiyeyushwa mara ya pili, lakini hakitamdhuru mtu kwa sababu ya lile giza. Wengi tumelelewa tukiambiwa nyama iliyoyeyuka isigandishwe tena. Kwa nyama iliyoyeyukia mezani mchana kutwa, ni kweli. Kwa nyama iliyoyeyukia ndani ya friza na haijapita nyuzi 4, si kweli, na nimeona watu wakitupa kilo kumi za nyama nzima kwa ajili ya kauli hiyo.

Nilifika kwa shangazi kama saa 8 mchana, umeme ulikuwa bado. Kipimajoto nilichobeba ni kile cha sindano, cha jikoni, na kabla ya kukitumia nilikijaribu. Ponda barafu ijae glasi, tia maji kidogo ya baridi, koroga, chomeka sindano katikati bila kugusa chini, subiri kama dakika moja. Kinatakiwa kisome sifuri. Kikisoma 2, basi kila utakachosoma siku hiyo utakipunguzia mbili. Vipimajoto vya bei nafuu hupotea njia mara nyingi, hasa vikishaangushwa.

Tulianza na friji kwa sababu ndiyo iliyokuwa na hali mbaya. Maziwa ya mlangoni yalisoma nyuzi 23. Mlango ndio mahali penye joto kuliko pote, ndiyo maana maziwa hayafai kukaa hapo hata siku za kawaida. Mchuzi wa kuku wa nazi katika rafu ya juu ulikuwa 21, maharage 21, sufuria ya wali wa jana 20. Hapa hapakuwa na haja ya kubishana. Tukisema friji ilivuka nyuzi 4 mapema usiku, vyakula hivi vilikuwa vimekaa kwenye joto la kuwafurahisha vijidudu kwa zaidi ya saa kumi. Shangazi akaushika mfuniko wa sufuria ya wali akainusa.

"Mbona haina kitu? Nikiupasha moto vizuri si unaliwa?"

Swali hili nalijibu kila mara kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowaangusha watu. Moto huua vijidudu vingi, hilo ni kweli. Lakini wako ambao wakishaongezeka huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiogopi moto. Kwenye wali kuna bakteria wa jamii ya basilasi, ambao mbegu zao huvumilia kule kuchemka kwa kwanza, zikabaki zimelala kwenye wali uliopikwa. Wali ukikaa katika joto la chumba, mbegu huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu ya kutapisha. Ukiupasha wali huo hadi ufuke moshi, utawaua bakteria na kuibakisha sumu. Stafilokoka nao, ambao hutoka puani na mikononi mwetu tunapopakua, wana sumu ya namna hiyohiyo. Mtu hula saa 7 mchana, saa 10 alasiri tumbo linamgeuka, naye husema alipasha moto vizuri. Alipasha kweli.

Basi wali, maharage, mchuzi na maziwa vyote vikatupwa. Si kwa kuku wa jirani, kama alivyotaka, wala kwa paka. Vilifungwa kwenye mfuko vikaenda jaani.

Rafu za chini zilikuwa na mambo mengine. Maembe, ndimu, nyanya nzima, pilipili na karoti zilibaki. Vitu hivyo hukaa nje sokoni Darajani kutwa nzima na hakuna anayevipigia kelele. Embe lililokwishakatwa na kuwekwa kwenye bakuli likatupwa. Achari ya ndimu na ile ya maembe zilibaki kwa sababu ya chumvi na uchachu. Siagi ilikuwa imelainika, lakini ni mafuta karibu matupu, ikabaki. Jamu, tomato ya chupa, siki, vyote vikabaki. Mayonezi iliyofunguliwa hutupwa ikishakaa juu ya nyuzi 10 kwa zaidi ya saa 8, na hii ilikuwa imepita, ikatupwa. Mayai mabichi yaliyokuwa friji hutupwa pia kwa mujibu wa mwongozo uleule, kwa kuwa yai lililokwisha kuwa baridi likitiwa kwenye joto hutoka jasho, na unyevu ule husaidia vijidudu kupenya ganda. Shangazi mayai yake huyaweka juu ya kabati, kwenye trei kama yalivyotoka dukani, kwa hiyo kwake suala hilo halikuwepo.

Kisha tukafungua friza, mara moja, kila kitu kikiwa tayari: beseni pembeni, kipimajoto mkononi, sabuni na kitambaa cha kusafishia sindano kati ya kifurushi na kifurushi ili damu ya kuku isihamie kwenye samaki. Friza ya sanduku ina faida yake hapa. Mlango ukiwa juu, baridi haimwagiki kama inavyomwagika ukifungua friji ya kusimama, maana hewa baridi ni nzito na hutulia chini.

Juu kabisa zilikuwepo pakiti za malai na barafu za watoto. Nyingi zilikuwa nusu maji nusu barafu, zikisoma karibu na sifuri. Hizo ndizo zilizomwokoa. Kilo nyingi za maji yaliyoganda zilikuwa juu zikimeza joto lililopenya kwenye mfuniko, na vilivyokuwa chini yao havikuguswa. Vipande vya jodari katikati vilisoma -3, vigumu kama jiwe. Pweza chini, -5. Nyama ya ng'ombe vilevile. Kuku wawili waliokuwa ubavuni, karibu na ukuta wa sanduku, walikuwa wamelainika mapajani, ila nilipochomeka sindano kifuani, karibu na mfupa, ikasoma 0 na ikakwaruza barafu. Wale waliweza kurudi. Tukaamua wapikwe siku hiyohiyo, kwa kuwa nyumba ilishapoteza mchuzi na watu watakula nini. Pakiti za tui la nazi zilikuwa rojorojo lenye chembe za barafu, 0, zikaingia kwenye mchuzi wa hao kuku, kwani tui likigandishwa tena hukatika likawa maji na mafuta mbalimbali.

Malai yaliyolainika yalikuwa kesi ya pekee. Yana maziwa, na watoto huyala bila kupikwa. Zile pakiti zenye barafu ndani zingeweza kugandishwa tena kwa usalama. Chache zilizokuwa pembeni ya mfuniko zilikuwa maji matupu, nyuzi 6 na 7. Shangazi alitaka kuzirudisha zigande, akasema hakuna atakayejua. Nilimwambia tatizo ni hilohilo: zikishaganda, hata yeye mwenyewe hatajua ipi ilikuwa ipi. Akazimwaga, kwa kununa.

Kikabaki kifurushi kimoja cha kamba, na hicho ndicho kilichotupa hasara. Walinunuliwa Ijumaa jioni, wakafungwa kwenye mfuko, wakatupiwa juu upande mmoja saa mbili tatu kabla ya umeme kukatika. Hawakuwahi kuganda. Vilivyokwishaganda vilikuwa na ile akiba ya barafu ya kumeza joto, wao hawakuwa nayo. Sindano ikasoma 9. Wamekaa juu ya nyuzi 4 tangu lini? Hakuna aliyejua, na pengine hawakuwahi kushuka chini ya hapo tangu watoke sokoni. Ukikosa kujua muda, unauhesabu kuwa umepita. Wakatupwa.

Kama badala ya kamba wangekuwa jodari walioyeyuka na kufika nyuzi 9, ningeng'ang'ania zaidi, na hapa naomba watu wa pwani wanisikilize. Jodari, nguru, vibua na dagaa wana nyama yenye kitu ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Haijalishi utamkaanga, utamchoma, utamgandisha au utamtia kwenye mchuzi wa ukwaju, histamini haiondoki. Dakika chache baada ya kula, au ndani ya saa moja hivi, uso unakuwa mwekundu na kuwaka moto, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unaenda mbio. Watu husema fulani ana aleji ya samaki, kumbe kesho yake atakula jodari mbichi kutoka pwani na lisimpate lolote. Samaki huyo anaweza asinuke kabisa. Wakati mwingine ulimi huhisi ukali kama wa pilipili manga ambayo hukuitia, na ukiuhisi, tema. Lakini usingoje ulimi ukuambie.

Umeme uliporudi saa 9, nilimzuia asiwashe mara moja. Friji ilikuwa imechomolewa ukutani tangu usiku, na ndivyo inavyofaa, maana umeme wetu ukirudi hurudi kwa kupanda na kushuka. Tulisubiri dakika kumi utulie, na pia mashine ya friji haipendi kuwashwa papo baada ya kuzimwa. Gesi ndani inahitaji dakika chache kutulia. Wenye kile kifaa cha kulinda friji kwenye soketi huwa kinahesabu dakika hizo chenyewe. Friza tuliipanga upya: vilivyolainika vikawekwa kwenye kuta, kunakotoka baridi, kwa safu nyembamba, vikipeana nafasi hadi vigande, badala ya kurundikwa pamoja. Friji ikafutwa kwa maji ya sabuni, hasa ile droo ya chini ambako majimaji ya nyama yalikuwa yametiririka, na haikutiwa chakula mpaka glasi ya maji iliposoma 4 usiku ule.

Siku ile haikuisha bila hoja ya mgao. Jirani aliyekuja kuchukua barafu aliuliza: je, umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu leo, na saa tatu tena kesho, chakula kikiwa kinapoa tena katikati? Muda wa joto unajumlishwa. Mchuzi uliokaa saa moja juu ya nyuzi 4 leo na saa moja na nusu kesho umekaa saa mbili na nusu. Baridi inasimamisha hesabu, haiifuti. Ndiyo sababu wakati wa mgao mimi hupika kidogo, nikamaliza, na friji nikaiachia vitu vinavyostahimili.

Kwa friza, kuna njia ya kujua yaliyotokea hata kama hukuwepo nyumbani. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe ndani. Ukirudi safari ukaikuta sarafu juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imegandia chini kabisa, friza iliyeyuka yote kisha ikaganda tena, na vilivyomo havina dhamana. Ikiwa katikati, utaamua kwa kifurushi na kifurushi, ukiwahofia zaidi samaki, nyama ya kusaga na vyakula vilivyopikwa. Mpaka wa njia hii ni kwamba sarafu inasema barafu iliyeyuka, haisemi chakula kilifika nyuzi ngapi wala kilikaa hapo muda gani. Mimi nikiikuta chini, natupa.

Shangazi siku hizi nafasi zote tupu za friza amezijaza chupa za maji za lita moja na nusu, zimejazwa zikabakizwa nafasi ya vidole vitatu juu ili zisipasuke zikiganda. Umeme ukikatika, mbili zinahamia friji ya jikoni, rafu ya juu, kwa kuwa baridi hushuka. Vitu vya hatari vinawekwa chini yake, na mlango haufunguliwi tena. Kukionekana kuna dalili ya kulala gizani, samaki na nyama za kwenye friji zinahamishiwa kwenye deli pamoja na barafu, zikizungushiwa barafu pande zote, na maji yanayoyeyuka yanamwagwa. Chakula kipya kinachotoka sokoni hakitupwi tena juu ya rundo. Kinawekwa chini, kikigusa ukuta, na kama ni Ijumaa jioni na mawingu yametanda huko Chumbe, kamba wanapikwa usiku uleule.